Neno Lisisikike Kama Jingine: Kuandika Skripti ya Kusomwa kwa Sauti

Miaka kadhaa iliyopita niliandika tangazo la redio la kambi ya kupima macho. Kwenye karatasi niliandika, "Hutalipa ada ya upimaji." Siku yenyewe mama mmoja alifika wakati wapimaji wanaanza kufunga vifaa. Akasema ametoka kwake alfajiri, lakini alipitia kwanza kwa ndugu zake kukopa hela, kwa sababu redio ilisema utalipa. Nilirudi studio nikasikiliza ile rekodi mara tatu. Msomaji hakukosea. Herufi h ilikuwepo, ila ilikuwa pumzi tu, na pumzi haifiki mbali ukiwa unasikiliza redio ya jirani huku unafua.

Tangu siku hiyo naandika skripti kwa utaratibu mwingine. Nitaueleza hatua kwa hatua nikitumia tangazo lile lile, kwa sababu karibu kila mtego ninaoujua ulikuwemo ndani yake. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Ewe mwananchi! Kambi ya upimaji wa macho itafanyika kituo cha afya Jumatano, saa mbili hadi saa nane. Wenye miaka sitini watapewa kipaumbele. Wenye mtoto wa jicho wataandikishwa kwa upasuaji. Hutalipa ada ya upimaji. Miwani ya kusomea ni elfu nane tu. Vyeti vya vipimo vya awali vya wagonjwa viletwe. Barua ya rufaa si lazima."

Ukiisoma kwa macho, haina kosa. Sasa tuisome kwa masikio.

Hatua ya kwanza: pigia mstari maneno yanayobeba uamuzi

Si kila neno kwenye tangazo lina uzito sawa. Msikilizaji akikosa neno "ewe", hajapoteza kitu. Akikosa "Jumatano", amepoteza kambi nzima. Kwa hiyo chukua kalamu na upigie mstari maneno ambayo mtu atayatumia kuamua la kufanya: siku, saa, mahali, kiasi cha fedha, nani anahusika, na kila penye ndiyo au hapana.

Kwenye rasimu ile nilipata Jumatano, saa mbili, saa nane, sitini, mtoto wa jicho, hutalipa, elfu nane na si lazima. Maneno manane. Hayo ndiyo utakayoyafanyia kazi kwa makini. Mengine yaliyobaki yanatosha kuwa mepesi mdomoni.

Hatua ya pili: uliza, likisikika vibaya, sentensi bado inasimama?

Shuleni tulifundishwa vitawe na vitate. Vitawe ni neno moja lenye maana nyingi, kama kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako. Vitate ni maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti, kama fahali na fahari, au kalamu na karamu. Waandishi wengi wa skripti wanapoambiwa waepuke maneno yanayofanana huanza kukimbia vitawe. Kwa uzoefu wangu hiyo ni nguvu iliyopotea. Hakuna anayesikia "paa limevuja" akamfikiria mnyama wa porini. Sentensi yenyewe inamlinda.

(Mombasa hata ulinzi huo hauhitajiki sana. Mvita wa asili hutamka paa mnyama kwa p yenye pumzi, na paa la nyumba kwa p kavu, kama anavyotofautisha kaa wa baharini na kaa la moto. Maandishi ya Kiswahili sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo, na wasemaji wengi wa bara hawanayo, kwa hiyo usiitegemee.)

Neno la hatari ni lile ambalo likisikika vibaya sentensi inabaki na maana kamili, ila si maana uliyoikusudia. "Jumatatu" inakaa vizuri kabisa pale penye "Jumatano". "Utalipa" inakaa vizuri pale penye "hutalipa". Msikilizaji hashtuki, haulizi, hamgeukii jirani kumwambia hajasikia. Anaondoka na uhakika wake.

Jaribio hili huwapata hata vitawe, lakini pale tu maana zote mbili zinapoishi kwenye ulimwengu mmoja. "Panda" halina tatizo kwenye tangazo la basi. Kwenye kipindi cha wakulima ni balaa: "mahindi yamepanda" ni habari ya bei, "mahindi yamepandwa" ni habari ya shamba, na kilichopo kati yao ni midomo kuviringana kwa muda mfupi mno. Hapo sema "bei ya mahindi imepanda", na kwa shamba sema "wakulima wamesia mbegu" au "mbegu ziko ardhini".

Dawa rahisi kuliko zote ni kutanguliza neno linalomwandaa msikilizaji. Kwenye rasimu yangu "wenye mtoto wa jicho" ilikuwa mtego mbaya. Aliyesikia vizuri nusu ya kwanza alibaki na "wenye mtoto", na kwenye kambi walikuja kina mama wamebeba watoto wazima wa afya. Ukisema "ugonjwa wa mtoto wa jicho", sikio limeshajua linapokea ugonjwa kabla mtoto hajatajwa. Neno la kupanga likae mbele: ndege mbuni, samaki taa, ugonjwa wa mtoto wa jicho. Likikaa nyuma linachelewa.

Hatua ya tatu: toa ukanushi kwenye kiambishi, uweke kwenye neno zima

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndiko madhara makubwa yanakotokea.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "hutalipa", nguvu yote ya sauti iko kwenye *li*. Sasa angalia ukanushi umekaa wapi: mwanzoni kabisa, kwenye *hu*, silabi dhaifu, mbali na mkazo. Na tofauti yake na *u* ya kukubali ni h peke yake, konsonanti isiyo na mlio wowote wa koo. Wasemaji wengi wa Kiswahili kama lugha ya pili huidondosha kabisa katika mazungumzo ya kawaida. Kwa hiyo hata msomaji wako akiitamka, wapo wasikilizaji ambao masikio yao hayaitafuti.

Hali ni hiyo hiyo kwa "hatapata" na "atapata", "huna" na "una", "hataenda" na "ataenda". Na kuna wadogo wawili wa kuogopwa zaidi, "si" na "ni". Kila mmoja ni silabi moja isiyo na mkazo. Niliandika "barua ya rufaa si lazima". Sauti ya s ikipotea, inakuwa "ni lazima", na mtu asiye na barua anabaki nyumbani akiwa na jicho lake bovu.

Wengine hudhani tiba ni kumwambia msomaji akaze: "HUtalipa!" Akikaza hivyo husikika kama anagombana, na mkazo ukihamia silabi ya kwanza neno lenyewe linakuwa geni. Tiba ni kubadilisha muundo. Tafuta neno zima lenye silabi zake mbili au zaidi na mkazo wake, likubebee ile hapana. "Bila" linafanya kazi hiyo vizuri sana. "Marufuku", "kamwe", "acha" na "badala ya" pia.

"Hutalipa ada" ikawa "tutakupima bila malipo". "Barua ya rufaa si lazima" ikawa "njoo hata bila barua ya rufaa". Ona kwamba sentensi ya pili ina kitendo cha kukubali, njoo, na hakuna namna ya kuisikia kinyume. Hiyo ndiyo sentensi unayoitafuta: iliyosikika nusu bado inamwelekeza mtu mahali sahihi.

Kwa nini sikusema "upimaji ni bure"? Neno bure ni fupi, linajulikana na kila mtu, nami nalipenda kwenye bango. Kwenye sauti lina kasoro moja. "Ni bure" pia humaanisha haina faida, kazi ya bure. Kwa sentensi kama "kupima macho ni bure", maana zote mbili zinasimama, na kwa mzee ambaye tayari ana shaka na hospitali, ile ya pili ndiyo anayoitarajia. Ukilazimika kulitumia, lifunge: "huduma ya bure, hulipishwi" inarudisha h yenye shida, kwa hiyo "bure, bila hata shilingi moja" ni salama zaidi.

Tatizo la kiambishi halihusu ukanushi tu. Nyakati nazo zimekaa huko huko mbele penye udhaifu: *wa-li-sajiliwa*, *wa-ta-sajiliwa*, *wa-na-sajiliwa*. Usiuache wakati wa tendo mikononi mwa silabi moja. Weka jana, sasa, au kesho pembeni yake.

Hatua ya nne: siku na namba, kila moja na mlinzi wake

Siku tano za wiki yetu zinaanza kwa namna moja, na mbili kati yao ni pacha. *Ju-ma-TA-tu, ju-ma-TA-no.* Silabi tatu za kwanza ni zile zile, mkazo uko mahali pale pale, na tofauti yote imewekwa kwenye silabi ya mwisho, ambapo sauti ya msomaji kwa kawaida inashuka. Kama una uwezo wa kupanga siku ya shughuli, Alhamisi na Ijumaa hazina pacha. Kama siku imeshapangwa, ipe mlinzi, yaani habari ya pili inayosema jambo lile lile kwa sauti tofauti.

Kwa kambi yetu mlinzi alikuwa tarehe. Jumatano ile ilikuwa tarehe 14. Utaniambia "kumi na nne" nayo ina pacha, "kumi na nane". Ni kweli, na hapo ndipo ilipo faida ya kuoanisha. Aliyesikia Jumatatu kimakosa angekuta tarehe 14 si Jumatatu. Aliyesikia tarehe 18 angekuta ni Jumapili, na kituo kimefungwa. Makosa mawili hayakutani mahali pamoja, kwa hiyo kila neno linamrekebisha mwenzake. Kabla hujaweka mlinzi, angalia kalenda uhakikishe hivyo.

Saa hulindwa na kipindi cha siku. "Saa nane" na "saa nne" hukaribiana sana mdomo ukiwa na haraka, lakini saa nane ni mchana na saa nne ni asubuhi. "Hadi saa nane mchana" inatosha. Usiseme saa bila asubuhi, mchana, jioni au usiku hata kama unaona iko wazi.

Makumi yana jozi mbili mbaya. Thelathini na themanini zina silabi nne kila moja, mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Sitini na tisini zimebadilishana tu s na t. Jozi hii ya pili ilinisumbua kwenye tangazo la kambi, kwa sababu aliyesikia "wenye miaka tisini watapewa kipaumbele" angecheka tu, wala asingejua anaitwa yeye. Niliongeza maneno manne: "miaka sitini, ule umri wa kustaafu." Tanzania na Kenya watumishi wa umma hustaafu wakiwa na miaka 60, na kila mtaa una mstaafu, kwa hiyo umri huo una sura.

Kwa fedha mlinzi mzuri ni noti zenyewe. Elfu nane na elfu nne zinaweza kuleta ugomvi mezani pa miwani. "Elfu nane: toa elfu kumi, rudishiwa elfu mbili" haikosewi, kwa sababu hakuna hesabu nyingine inayokubaliana na maneno hayo. Thelathini elfu zinaweza kuwa "noti tatu za elfu kumi". Ni maneno mengi zaidi, nami nakubali kulipa gharama hiyo kwa bei na kwa tarehe, si kwa kila namba.

Namba ya simu ndiyo ngumu kuliko zote, maana haina muktadha wowote wa kuilinda. Isome tarakimu moja moja, kwa vikundi vya tatu tatu, na uirudie. Usichanganye mitindo, mara "saba nne", mara "sabini na nne". Na kwenye "nne" mwombe msomaji aipe ile n ya kwanza pigo lake: *n-ne*, silabi mbili. Akiimeza ikawa "ne", imekwisha kuwa nusu ya nane.

Jambo la mwisho kuhusu namba: kwenye skripti ziandikwe kwa maneno. Msomaji akikuta 8,000 kwenye karatasi ataamua mwenyewe, na mwingine atasema "elfu nane", mwingine "nane elfu". Ukiandika neno, umeamua wewe.

Hatua ya tano: sauti ambazo spika ndogo huziiba

Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Sehemu kubwa ya mlio wa s, th na f iko juu ya hapo. Kwa hiyo tangazo linalosikilizwa kwa kupigiwa simu, kama zile jumbe za sauti za hospitali au benki, hupoteza hasa kile kinachotofautisha herufi hizo. Ongeza kwamba wasemaji wengi tayari husema "selasini" kwa thelathini na "feza" kwa fedha.

Sina ugomvi na matamshi ya mtu. Ninachofanya ni kuepuka jozi zinazoumiza. Duka la fanicha lisitangaze "samani zenye thamani". Liseme "fanicha" au lisiseme thamani. Chama cha siasa kinajua shida ya "kura" na "kula". Mshenga anajua ya "mahali" na "mahari". Ukikuta l na r zinabeba maana kwenye neno ulilolipigia mstari, tafuta kisawe, au liweke kwenye kifungu kisichoruhusu lile jingine: "sanduku la kura", "mahali pa kukutana".

Hatua ya sita: upunguzie mdomo kazi

Kiswahili kinapenda silabi zinazoishia kwa irabu, ndiyo maana kikisomwa vizuri hutiririka. Kinapokwama, mara nyingi si kosa la neno moja, ni mkusanyiko.

Mkwamo wa kwanza ni upatanisho wa ngeli. Sarufi yenyewe hulazimisha sauti moja kujirudia: "vyeti vya vipimo vya awali vya wagonjwa viletwe." Hakuna kosa la kisarufi, lakini msomaji mzuri alijikwaa mara mbili studio, na msikilizaji alisikia vya-vi-vya-vya bila kushika kilichotajwa. Ni yale yale ya watu wa Liwale wanaokula wali wa liwali, ambayo watoto huchezea ili kutanza ndimi. Ukiona "vya" mbili ndani ya pumzi moja, badilisha nomino moja iwe ya ngeli nyingine, au vunja sentensi. Yangu ikawa, "Kama una majibu ya kipimo cha zamani, njoo nayo." Baadaye niliifuta kabisa, maana wapimaji waliniambia watapima upya kila mtu.

Mkwamo wa pili ni m inayosimama peke yake kabla ya konsonanti, zikijipanga: "kila mgonjwa mmoja mmoja mpya". Kila m hapo ni silabi inayotamkwa midomo ikiwa imefumbwa. "Kila mgonjwa mpya" inasema yale yale. Na maneno kama mshtuko au mshtakiwa, yenye konsonanti tatu mfululizo, yaweke mwanzoni mwa sentensi msomaji akiwa na pumzi mpya, si mwishoni.

Kauli ya kutendwa nayo huleta vifundo: kuundwa, kufundwa, kunywewa, kupimwa. Moja si tatizo. Zikiwa tatu kwenye mstari mmoja, mdomo unachoka. Kauli ya kutenda ni laini zaidi na mara nyingi inaeleza nani anafanya. "Tutakupima" ilikuwa bora kuliko "upimaji utafanywa" kwa sababu zote mbili.

Maneno ya kukopa yenye konsonanti zilizobanana, kama skrini, plastiki na transfoma, husomwa kwa namna tofauti na wasomaji tofauti. Wengine huingiza irabu, wengine hawaingizi, na ukirekodi vipande siku mbili tofauti havitafanana. "Kioo cha simu" hakina shida hiyo.

Mkwamo wa mwisho ni irabu mbili za namna moja zinapokutana kwenye mpaka wa maneno. "Kila aina" huwa "kilaina". "Lipia ada ya awali" hugeuka uzi mmoja mrefu wa a. Hapo msikilizaji hajui neno limeishia wapi. "Aina zote" inatatua la kwanza, "malipo ya mwanzo" la pili.

Kuhusu p na b zinazopasuka kwenye maikrofoni, "Pima! Pona! Pata miwani!" inavutia kwenye karatasi, lakini kila p inatupa upepo kwenye kipaza sauti. Fundi anaweza kukigeuza kidogo pembeni ya mdomo au kuweka kile kitambaa cha duara mbele yake. Mwandishi anaweza kumsaidia kwa kutoanza sentensi tatu mfululizo na p.

Hatua ya saba: pima kwa silabi, kisha wape watu wasioijua

Maneno ya Kiswahili hutofautiana mno kwa urefu kiasi kwamba kuhesabu maneno hakusaidii. "Na" ni neno, "waliofikisha" ni neno. Mimi huhesabu silabi, na kwa tangazo la habari muhimu huchukua silabi tano kwa sekunde. Msomaji wa matangazo ya vinywaji ataenda kasi kuliko hapo, lakini kwenye kasi hiyo ndipo nne inapokuwa ne.

Skripti iliyotoka mwishoni, kwa kambi ya pili, ilikuwa hii:

"Je, unaona ukungu machoni? Jumatano, tarehe kumi na nne, madaktari wa macho watakuwa kituo chetu cha afya, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Tutakupima bila malipo. Tutaanza na wazee waliofikisha miaka sitini, ule umri wa kustaafu. Mwenye ugonjwa wa mtoto wa jicho, lile doa jeupe kwenye mboni, ataandikishwa kwa upasuaji. Miwani ya kusomea ni shilingi elfu nane: toa elfu kumi, rudishiwa elfu mbili. Njoo hata bila barua ya rufaa. Ni Jumatano, tarehe kumi na nne."

Ina silabi karibu 200, yaani sekunde 40, ndani ya nafasi ya sekunde 45. Rasimu ya kwanza ilikuwa fupi zaidi. Tuliponunua nafasi ndefu kwa kambi ya pili, mwenye fedha aliuliza kwa nini tunalipia maneno "toa elfu kumi, rudishiwa elfu mbili". Nilimwambia nipunguze chochote kingine, hayo niyaache. "Ewe mwananchi" ndiyo iliyokwenda.

Kisha jaribu, na jaribu kwa sikio. Jirekodi kwa simu ukisoma kwa mwendo wa kawaida, bila kukaza popote. Watafute watu watatu ambao hawajaiona skripti, na angalau mmoja awe amekulia lugha nyingine kabla ya Kiswahili. Wachezee rekodi mara moja tu, kwa spika ya simu, mahali penye kelele za kawaida: jikoni sufuria ikichemka, au kibarazani watoto wakicheza. Chumba kimya kitakudanganya.

Usiwaulize kama wameelewa. Kila mtu atasema ameelewa, na atakuwa mkweli. Waulize maswali yanayolingana na yale maneno uliyoyapigia mstari: Ni siku gani? Mwisho saa ngapi? Utabeba shilingi ngapi, na za nini? Nani ataanza kuonwa? Bila barua utakwenda? Andika majibu kama walivyoyasema.

Akikosea mmoja, usimrekebishe wala usimlaumu msomaji. Rudi kwenye neno hilo, libadilishe au liongezee mlinzi, kisha utafute watu watatu wengine, kwa sababu wale wa kwanza sasa wanajua jibu. Kwenye tangazo letu duru ya kwanza mmoja alijibu kwamba miwani ni elfu nne. Wakati huo sentensi ilikuwa bado "elfu nane tu". Noti ya elfu kumi niliiongeza jioni hiyo, na duru ya pili wote watatu walisema nane.